Kuku aoshwe au asioshwe? Mwongozo wa jiko la uani, kama tunavyofanya huku Mtwara

Wiki iliyopita mdogo wangu anayeishi Mikindani kanipigia simu huku analia. Kaona video mtandaoni inasema kuku mbichi haoshwi, ni hatari, naye akaacha kumuosha, sasa mama mkwe wake alivyojua akasusa chakula, akamwambia mwanangu mimi nyama yenye damu yake siili na dini yenyewe hainiruhusu. Mdogo wangu ananiuliza, dada sasa nimsikilize nani hapa?

Nikamwambia wote wawili wana haki, ila wanaongelea kuku wawili tofauti. Mi napika kwenye shughuli za watu hapa Chikongola, misiba, akika, harusi, siku nyingine kuku arobaini kwa asubuhi moja, na hili swali nimeulizwa sana. Kwaiyo naandika yote hapa pamoja, tena nafata kazi ya Jumapili iliyopita ambayo tulichinja majogoo wawili kwa ajili ya wageni wetu wa kutoka Newala, ili mtu aone mwanzo mpaka mwisho.

Kuku wa kwanza ni yule wa kiwandani, yule wa kwenye mfuko, kagandishwa. Huyo kashanyonyolewa, kashatolewa utumbo, kashaoshwa na kupozwa huko huko alikotoka. Ndo huyo wanayemsema Wamarekani na Waingereza wakikwambia usimuoshe, maana kwao karibu kila mtu ananunua huyo. Damu ya kutoa hamna, manyoya hamna, kilichobaki ni bakteria tu ambao huwaoni, na hao maji hayawatoi. Wamekaa kwenye vitundu vya manyoya na kwenye mikunjo ya ngozi, unawasuuza wachache wanatoka wengi wanabaki, na wale waliotoka ndo wanaruka na maji kwenda kwenye sinki, kwenye sahani, kwenye nyanya ulizokata. Wanaosumbua zaidi kwa kuku ni wawili, salmonela na kampilobakta, na wote wanakufa kwa moto. Yani kinachoua ni sufuria, maji ya kuoshea hayaui kitu.

Kuku wa pili ni wa kwetu, wa kienyeji au hata broila uliyechinjiwa sokoni sasa hivi. Huyo ana damu shingoni, ana vimanyoya, ana mchanga wa pale chini, pengine na kinyesi kama utumbo ulipasuka. Huyo lazima aoshwe, na mama mkwe yuko sawa kabisa. Swali la kujiuliza ni aoshwe wapi, saa ngapi, na yale maji yanaishia wapi. Jibu langu: aoshwe mara moja tu, nje, pale pale alipopasuliwa, afu akishaingia jikoni maji ya kuoshea yasimguse tena. Kosa ninaloliona kwenye majumba mengi ni kumuosha mara tatu, nje mara moja, afu jikoni mara mbili zingine karibu na vyombo, na hizo mbili za jikoni ndo zinaleta balaa.

Kama huamini kwamba maji yanaruka fanya hili jaribio, mi nimelifanya na binti zangu uani. Chukua paja la kuku, lipake bizari mpaka liwe njano kabisa, tandika shuka jeupe kuukuu chini, weka beseni katikati, mmoja ashike paja mwingine amimine maji kwa jagi toka usawa wa kifua. Tulikuta madoa ya njano kwenye shuka mpaka mbali na beseni kiasi cha mkono mzima, na kwenye kanga niliyovaa, na doa moja kwenye mfuniko wa sufuria ambayo nilijua iko mbali. Tukarudia jagi likiwa chini kabisa, karibu linagusa nyama, madoa yakabaki pembeni ya beseni tu. Tukarudia mara ya tatu bila kumimina, tunazamisha paja kwenye maji na kuligeuza taratibu, shuka likabaki jeupe. Ngozi ya kuku ni laini, maji yakiipiga kwa nguvu inabonyea kidogo na yanarushwa pembeni, na yakitoka juu sana yanaanza kukatika matone hata kabla hayajafika. Bomba la sinki likifunguliwa kwa nguvu ni vilevile.

Sasa kazi yenyewe.

Inaanza jana yake. Jumamosi jioni tuliwatenga wale majogoo kwenye tenga, maji tukawapa ila chakula hapana, mpaka asubuhi. Watu wanaona ni kama kumtesa kuku lakini faida yake ni kubwa: ule mfuko wa chakula wa shingoni na utumbo vinakuwa vitupu, ukipasua havipasuki hovyo, na hata vikipasuka kinachomwagika ni kidogo. Kuku aliyeshiba pumba asubuhi afu akachinjwa saa tatu, huyo uchafu wote unakutana na nyama.

Saa mbili asubuhi, kabla hata kuku hajaguswa, kachumbari ikakatwa. Hili nalisisitiza kwa kila ninayepika naye. Vitu vinavyoliwa vibichi vinaanza, vinafunikwa, vinawekwa ndani, ndo kuku anafuata. Bakteria wa kuku akiingia kwenye mchuzi atakufa, akiingia kwenye kachumbari anakuja mezani akiwa mzima. Nazi pia ilikunwa na kuchujwa muda huo huo.

Afu tukapanga vitu uani, mbali na kisima na mbali na meko: beseni mbili za kuku (hizi tumezifunga kitambaa chekundu kwenye sikio, haziogeshi mtoto wala haziloweki mboga), ndoo ya maji safi na kata yake, ndoo ya uchafu, kisu kimoja, sabuni, na sufuria safi yenye mfuniko ya kupokelea nyama. Kupanga mapema kunasaidia kwasababu ukishashika utumbo ndo unakumbuka sabuni iko ndani, unaenda unafungua mlango, unashika kabati, unashika ndoo ya maji ya kunywa, kila ulipogusa umepaacha na kitu.

Maji ya kunyonyolea yasiwe yanachemka. Tunachukua jagi mbili za maji yaliyochemka tunachanganya na jagi mbili za maji ya bombani, inakuja kama nyuzi 60 na kidogo, inatosha. Mzamishe jogoo kwa miguu, mzungushe humo kama dakika moja, jaribu kung'oa unyoya mkubwa wa bawa, ukitoka bila kuvutana basi yuko tayari. Maji yakiwa ya moto sana ngozi inaiva na kuchanika, na ngozi iliyochanika ndo inaficha uchafu zaidi. Na usitumie maji yale yale kuku wa tano wa sita, yakishakuwa tope na kinyesi mwaga uweke mengine. Vimanyoya vilivyobaki tunavibabua kwa moto wa vifuu, haraka haraka.

Kupasua ndo penye ufundi. Nakata kidogo tu chini ya mkundu nikizungusha kisu, ncha ya kisu inatazama juu sio ndani, afu naingiza vidole taratibu nikifata ubavu mpaka nishike firigisi, ndo navuta vyote pamoja vitoke kwa mkupuo. Ukivuta utumbo peke yake unakatika. Nyongo iko imeshikana na ini, kifuko cha kijani, ikate pamoja na kipande kidogo cha ini, usihurumie hicho kipande. Ule mfuko wa shingoni unatolewa kwa juu. Ikitokea utumbo umepasuka, usikimbilie kumwagia maji kila mahali, maana unasambaza. Kata ile sehemu iliyochafuka na kisu, utupe, afu osha kisu na mikono ndo uendelee. Jogoo wa pili alitupasukia kidogo Jumapili, tukakata kingozi cha tumboni kama kiganja cha mtoto kikaenda kwenye ndoo ya uchafu, basi, hatujapoteza kitu cha maana.

Sasa kuosha. Weka kuku ndani ya beseni, mwagia maji kwa kata ikiwa imeinamia karibu na nyama, yaani maji yateleze yasipige. Anza ndani ya tumbo, toa mapafu yale mekundu yaliyogandia mbavuni na damu iliyoganda mgongoni, afu shingoni, afu nje. Mwaga hayo maji. Beseni ya pili weka maji safi, mzamishe, mgeuze mara mbili tatu, mtoe, mninginize kidogo achuruzike. Kama maji ya beseni ya pili yamekuwa mekundu sana badilisha mara moja tena hapo hapo nje. Kwa upande wa twahara ya dini, damu imetoka, maji safi yamepita mwili mzima, na mama mkwe wa mdogo wangu nilivyomweleza hivi kwa simu alisema sawa mwanangu, hilo tu ndo nilikuwa nalitaka. Maji machafu yote yanaenda kwenye shimo la choo au shimo ulilochimba, usiyamwage pale watoto wanapochezea wala njia ya kwenda kisimani.

Toka hapo jogoo wanaingia kwenye sufuria yenye mfuniko na hawaoshwi tena. Tukawakatia kwenye kibao chao jikoni, vipande vikaenda moja kwa moja kwenye sufuria.

Hapa lazima niongelee ndimu. Huku kwetu kuku bila ndimu haendi, na mi sikatazi hata kidogo, ndimu na chumvi na tangawizi zinakata shombo na nyama inakuwa tamu. Ila ndimu haiui wale bakteria kiasi cha kukuokoa, siki pia hivyo hivyo, hata ukiloweka saa nzima. Kwaiyo ipake kama kiungo, ndani ya sufuria utakayopikia, usiisuuze baadaye. Nimeona watu wanasugua kuku na ndimu na unga wa ngano, afu wanasuuza maji matatu kwenye sinki lililojaa vikombe, wakiamini wamemtakasa, kumbe vile vikombe ndo vimechafuka.

Ukiwa na yule wa mfuko aliyegandishwa njia ni fupi zaidi. Mtoe jana yake umuweke friji chini kabisa, ndani ya bakuli, asidondoshee maji kwenye vyakula vingine. Huna friji au umechelewa, muache ndani ya mfuko wake usiovuja, uzamishe kwenye ndoo ya maji baridi, badilisha maji kila nusu saa, kuku wa kilo moja na kidogo anakuwa tayari ndani ya saa moja mpaka mbili. Kumuacha mezani kutwa nzima na joto hili la Mtwara, hasa Novemba mpaka Februari, nje anakuwa kashaanza kuharibika wakati ndani bado barafu. Akishayeyuka fungua mfuko ndani ya sufuria, mwaga ule umajimaji taratibu, ukiona damu au kinyoya futa na karatasi laini utupe karatasi. Basi. Na kama roho haikupi kabisa bila maji, mzamishe kwenye beseni lake nje, usimfungulie bomba.

Nyama ya ng'ombe ya buchani nayo nitaigusia kidogo maana inaulizwa. Ile inakatwa kwa shoka juu ya gogo, inakuja na unga wa mifupa na vijiti vya gogo, na hivyo vinaumiza meno. Zamisha kwenye beseni kabla ya kukata vipande vidogo, ipapase na mikono vile vitu vitoke, itoe, usiiloweke. Ukikata kwanza ndo uoshe unapoteza utamu wote na bado unarusha maji.

Mikono sasa, na hapa nitakaa kidogo kwasababu naona ndo penye shida kubwa kuliko kuku mwenyewe. Mwaka 2019 Idara ya Kilimo ya Marekani ilitoa matokeo ya utafiti waliofanya kwa watu waliopika kuku na saladi kwenye majiko waliyoandaa. Kwa walioosha kuku, asilimia 60 masinki yao yalikutwa na bakteria, na asilimia 14 yalibaki nao hata baada ya kudhani wamesafisha. Asilimia 26 walipeleka bakteria wa kuku kwenye saladi. Lakini sikiliza hili: kwa wale ambao hawakumuosha kuku kabisa, asilimia 31 nao saladi zao zilichafuka. Hakuna aliyerusha maji pale. Ni mikono. Kwaiyo mtu anayeacha kumuosha kuku afu ananawa kwa kuchovya vidole kwenye bakuli hajafanya kitu.

Na sisi tatizo letu ni kuchovya. Bakuli moja la maji, kila mtu anachovya, wa kwanza ananawa wa pili anachukua ya wa kwanza. Mikono iliyoshika kuku mbichi inataka maji yanayotiririka na sabuni, sio maji yaliyotulia. Lowesha, paka sabuni, sugua viganja, mgongo wa mkono, katikati ya vidole, kidole gumba peke yake kukizungusha, na kucha kwenye kiganja, hesabu taratibu moja mpaka ishirini, afu suuza. Sabuni yenyewe haiui sana, ila inalegeza mafuta ya kuku ambayo bakteria wamejishikiza, maji ndo yanawabeba. Ndo maana maji matupu hayatoshi, mafuta yanabaki na unayasikia kabisa vidole vinateleza. Vikiteleza rudia.

Kama huna bomba tengeneza kibuyu chirizi. Dumu la lita 5, toboa tundu dogo kwa msumari wa moto chini kidogo ya mfuniko, lining'inize kwenye kijiti juu ya nguzo mbili kwa kamba ya kwenye mkono wa dumu, afu kamba nyingine toka shingoni mwa dumu ishuke mpaka kwenye kijiti cha kukanyagia. Ukikanyaga dumu linainama maji yanachirizika, ukiachia linarudi. Sabuni iweke kwenye kipande cha neti uining'inize pembeni. Uzuri wake hushiki kitu chochote kwa mkono. Hilo la bomba wengi hawalioni: unafungua koki kwa mkono wa kuku, unanawa vizuri, unafunga koki ile ile kwa mkono safi. Fungua kwa kiwiko, au mwite mtoto afungue, na ukimaliza imwagie koki sabuni kabla hujafunga. Na ukiwa na jagi tu, mtu mwingine ashike jagi, wewe usilishike.

Kingine tunachofanya kwenye shughuli, mkono mmoja ndo wa kushika nyama, mwingine wa kushika chumvi, mwiko, mfuniko. Inachukua siku mbili tatu kuzoea. Na simu inakaa ndani. Simu ikiita umeshika kuku iache iite, maana mikono utanawa ila simu huioshi, na baada ya kula unaishika tena.

Vyombo havina siri kubwa. Kisu, kibao na beseni vioshwe kwa sabuni na maji ya moto, visuguliwe, visuuzwe, afu kama una jiki weka vijiko viwili vya chakula kwenye maji lita 5, pitisha juu yake kaa kama dakika tano, suuza, anika juani. Ifanye baada ya sabuni na sio badala ya sabuni, kwasababu jiki ikikutana na mafuta na damu inaishiwa nguvu. Usichanganye jiki na ndimu, siki wala dawa ya kusafishia choo, inatoa hewa inayochoma kifua. Kibao kilichokatwakatwa mpaka kina mifereji kibadilishwe kazi, kiwe cha kuwekea sufuria ya moto. Dodoki na kitambaa ulichofutia damu vichemshwe au vitupwe, usifutie meza ya kulia.

Moto ndo unamaliza kazi. Jogoo wa kienyeji hana wasiwasi, yule anatokota saa moja na nusu mpaka alainike, hakuna bakteria wa aina hii anayevumilia. Wale wetu waliingia motoni saa nne na robo, tui zito likaingia saa sita kasoro, tukala saa sita na nusu. Wa kuangaliwa ni broila wa kukaanga na wa kuchoma, kwasababu nje anapata rangi nzuri dakika kumi wakati kwenye kiungo cha paja bado mbichi. Sisi tunamchemsha kwanza na tangawizi dakika 20 mpaka 25 baada ya kuanza kutokota, ndo anaenda kwenye mkaa. Kupima, choma kisu penye nyama nene kabisa ya paja mpaka karibu na mfupa, maji yakitoka meupe sio ya pinki, nyama ikiachana na mfupa, ameiva. Rangi peke yake inadanganya, broila mdogo mfupa wake unaweza kuwa na wekundu hata akiwa ameiva vizuri, kwaiyo mwenye kipimajoto apime, nyuzi 74 pale katikati ndo usalama. Na kwa kuku wa kupaka, ule mchuzi wa nazi uliokuwa unampakia akiwa mbichi usiumalizie juu yake akiwa mezani, uchemshe kwanza au utenge mwingine tangu mwanzo, na brashi nyingine. Hata sahani, ile iliyobeba mbichi kwenda kwenye mkaa isirudi na iliyoiva.

Kilichobaki kisikae juu ya meza zaidi ya saa mbili, na siku za joto kali saa moja. Kama hamna friji gawia majirani mapema kikiwa bado cha moto.

La mwisho ni kuhusu kuumwa, maana ndo linalofanya watu wasiamini haya yote. Kampilobakta mara nyingi anaonyesha baada ya siku mbili mpaka tano, salmonela anaweza kuanza baada ya saa chache au akachukua siku kadhaa. Kuna mwaka tulikula kuku na kachumbari Ijumaa kwenye akika, Jumatatu watoto watatu wa familia moja wakaanza kuharisha na homa, wote tukasema ni maembe waliyokula asubuhi ile. Hawakupimwa kwaiyo siwezi kuapa, lakini nikikumbuka kibao kile kile kilichokata kuku ndo kilikata vitunguu, na mkataji alikuwa mimi, sina amani. Kwaiyo mtu akiumwa tumbo hesabu siku za nyuma, usiangalie mlo wa mwisho tu. Mpe maji ya chumvichumvi yale ya pakiti, pakiti kwa lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupozwa, anywe kidogo kidogo kila anapoharisha. Akiwa ni mtoto chini ya miaka mitano, mjamzito, mzee au mtu ambaye kinga yake iko chini, usisubiri, mpeleke zahanati siku hiyo hiyo. Na kwa yeyote, ukiona damu kwenye choo, homa inayopanda, kutapika kila anachokunywa, macho kudidimia au mkojo kukata, nenda hata kama ni usiku, na ukifika mwambie daktari alikula nini na lini.